Ulezi Ukivuka Bahari: Sauti, Maana na Nuksi katika Jina la Kichina la Unga wa Ufipa



Mtu akiingia duka la nafaka mjini Sumbawanga akaomba ulezi, atapimiwa punje ndogo nyekundu ambazo Wafipa wamezilima katika uwanda wao wa juu tangu kale, na ambazo huliwa kwa ugali, hunywewa kwa uji, na huchachuliwa zikawa pombe. Mtu huyohuyo akisoma barua kuhusu mtoto yatima, akalikuta neno ulezi, ataelewa kazi ya kumlea mtoto. Kiswahili kimeziweka maana hizi mbili katika umbo moja, na kwa kuwa uji wa ulezi ndio ambao mama wengi huwaanzishia watoto wao, wenye kuuza unga hawakupata hasara kwa utata huo. Jina moja hutaja nafaka na papo hapo humnong'oneza mama habari ya mwanawe.

Swali la mhadhara huu ni nini hulipata jina kama hilo linapotakiwa kuandikwa kwa Kichina. Nitatumia mfano wa kubuni. Tuseme kikundi cha wasindikaji wa Ufipa kina pakiti iliyoandikwa ULEZI, nacho kinataka iuzwe Uchina, nchi ambayo tangu tarehe 1 Desemba 2024 imeziondolea ushuru bidhaa zote za nchi zenye maendeleo duni zenye uhusiano wa kibalozi nayo, Tanzania ikiwamo. Vibali vya afya ya mimea na vya usalama wa chakula ni somo la wengine. Mimi nashughulikia jina tu.

Tuanze na jina la nafaka yenyewe, kwa sababu pakiti ya chakula inayouzwa Uchina hulazimika kuonesha kwa Kichina ni chakula gani kilichomo. Ulezi unajulikana huko. Jina lake la vitabuni ni cǎnzi (䅟子). Msikilizaji wa Kichina asiye mkulima huenda hajapata kuiona herufi ya kwanza ya jina hilo, lakini sauti yake anaijua vizuri: ndiyo sauti, kwa toni ileile, ya neno cǎn (惨), yaani masikitiko, hali ya kuhuzunisha, maafa. Akisomewa pakiti hiyo kwa simu, atasikia unga wa majonzi. Kwa bahati njema nafaka hii ina majina mengine. Katika Mêdog, kusini-mashariki mwa Tibet, ambako watu huipika pombe kama Wafipa, huitwa jīzhuǎgǔ, nafaka ya kucha za kuku. Jina jingine ni lóngzhǎojì (龙爪稷), mtama wa kucha za joka. Waliotoa majina haya walitazama suke lilelile ambalo Waingereza waliliona kuwa vidole. Kwa Mchina joka ni mnyama wa heri, wa mvua na wa enzi. Ukimfasiria mama wa Sumbawanga kwamba mwanawe anakunywa uji wa makucha ya joka, hatakushukuru. Lakini pakiti haimsemeshi yeye, na kwa jina la nafaka mimi ningechagua joka bila kusita.

Jina la biashara ni jambo gumu zaidi. Kichina Sanifu kina silabi takriban 400 tu usipohesabu toni. Kila silabi huandikwa kwa herufi, na karibu kila herufi ina maana. Kwa hiyo utohozi wa sauti tupu, ambao sisi tunaufanya tunaposema benki au shati, kwao ni mgumu mno. Huwezi kuandika sauti bila kuandika maana fulani, uitake usiitake. Wauzaji wa soda maarufu ya Kimarekani waliligundua hili katika miaka ya 1920, wenye maduka walipoliandika jina lake kwa herufi walizozipenda wenyewe, nyingine zikitaja nta na viluwiluwi. Kampuni ikachagua kěkǒu kělè, yaani kitamu kinywani, chenye kufurahisha. Wanafunzi wa fonolojia waangalie bei iliyolipwa: silabi ya pili, ka, iligeuka kou. Sauti iliipisha maana, na soko likakubali.

Sasa tuichukue ULEZI silabi kwa silabi. Silabi ya le ni zawadi. Herufi lè (乐), furaha, ndiyo iliyomo katika jina la soda hiyo na katika majina mengi ya vyakula na maduka. Silabi ya zi nayo ina herufi njema, ingawa z yetu yenye ghuna haimo katika Kichina Sanifu, na msikilizaji atatamka kitu kinachokaribia ts. Kuna zǐ ya mtoto na ya mbegu, na kuna zī (滋), ya kurutubisha na ya ladha. Taabu imo katika u.

Kichina hakianzi silabi kwa u tupu, huandikwa wu. Mtohozi mzembe ataandika Wūlèzī (乌勒兹), kama aandikavyo jina la mto au la waziri wa kigeni. Herufi ya kwanza ni weusi, na ni ya kunguru, ndege wa nuksi. Tena sauti yake ni ile ya neno la uchafu. Ya pili ni hatamu, na ikisomwa kwa namna yake nyingine, lēi, ni kukaza kamba mpaka kunyonga. Katika ramani hakuna atakayejali. Katika chakula cha mtoto, jina hili limekufa kabla ya kuzaliwa.

Anayejua zaidi atapendekeza Wǔlèzī (五乐滋), furaha tano zenye kurutubisha. Tano ni hesabu njema, maana Wachina husema nafaka tano kama sisi tusemavyo nafaka za kila aina. Beijing jina hili linapita. Guangzhou na Hong Kong, wanakosema Kikantoni, tano hutamkwa ng, sauti iliyo jirani sana na m, kikanushi cha lugha hiyo. Ndiyo maana katika mchezo wa namba wa huko 8 ni kustawi, na 58 husikika kama kutostawi. Basi furaha tano husikika kama hakuna furaha. Hapa ndipo wataalamu wengi wa kamusi huanguka: wamechunguza herufi, hawakuchunguza midomo.

Wa tatu atajaribu Yōulèzī (优乐滋), kwa yōu ya ubora. Sauti hiyohiyo ni ya neno la wasiwasi, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba Uchina tayari ina chai ya maziwa mashuhuri iitwayo Yōulèměi, na silabi mbili za mwanzo zinafanana kabisa. Huko haki ya alama ya biashara humwendea aliyetangulia kuisajili, si aliyetangulia kuitumia kwao. Mchezaji Michael Jordan alishindana kwa miaka na kampuni ya Kichina iliyosajili utohozi wa jina lake. Mwezi Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Watu ilimpa haki juu ya jina lililoandikwa kwa herufi za Kichina, ila si juu ya tahajia yake ya Kilatini, Qiaodan. Maumbo mawili ya jina moja, hukumu mbili. Unga hungojwa na hatari hiyohiyo katika daraja la 30 la usajili, ambamo unga na vyakula vya nafaka vimewekwa.

Mimi mwenyewe nilivutwa sana na Yùlèzī (育乐滋). Yù hii ni kulea mtoto, hasa ile maana ya pili ya ulezi ambayo nilidhani tumeipoteza njiani. Kwa karatasi ni jina zuri kuliko yote. Lakini ukiandika yule katika simu ya Kichina, bila toni, neno linalojitokeza mbele ni yúlè (娱乐), burudani, lile la kumbi za starehe. Na katika Kikantoni yù hiyo hutamkwa yuk, sawasawa na neno la nyama. Mteja atauliza mbona unga wa nafaka unaitwa nyama. Si nuksi, bali ni kicheko, na kicheko nacho huua jina.

Linabaki la nne: kuiacha u. Mwanaisimu wa Kiswahili hana sababu ya kulia, kwa kuwa u- katika ulezi wa mtoto ni kiambishi cha ngeli, na kilichobaki, -lezi, ndilo shina litokanalo na -lea. Mchina anayekata silabi asiyoiweza amefanya, bila kujua, uchanganuzi tunaowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lèzī peke yake ina kasoro: sauti ya pili ikilegezwa huwa lèzi, neno la mitaani la kitu cha kuchekea, pengine hata mkosi wa mwenzako. Irudie silabi ya mwisho, upate Lèzīzī (乐滋滋). Hilo ni neno halisi la Kichina, la mtu aliyeridhika mpaka uso unang'aa. Urudufu huo hauwezi kulegezwa, na masikio ya Kiswahili nayo yanaufahamu, kwani lugha yetu hurudufu kila siku. Udhaifu wake ni uleule wa neno lolote la kawaida. Yaelekea mwingine amekwisha lisajili, na lazima daftari la usajili lichunguzwe kabla ya kuchapa pakiti hata moja.

Mtaniuliza, je, Wachina huogopa kila sauti? La. Tanzania yenyewe huandikwa Tǎnsāngníyà, na sāng hiyo ni mforsadi, mti ambao desturi hukataza kuupanda mbele ya nyumba kwa sababu jina lake lina sauti moja na msiba. Hakuna anayeshtuka akitaja nchi yetu. Pea huitwa lí, sauti ya kutengana, na huuzwa sokoni kila siku. Shida huja pale wapendanao wanapotaka kulikata tunda hilo moja na kugawana. Nuksi haikai ndani ya neno, hukaa katika tukio la kulisema. Wazee wa pwani yetu wanalijua hili. Nyoka hutajwa mchana bila hofu, usiku akaitwa kamba. Jina la nchi husikika kama sauti tu. Jina la chakula cha mtoto husikilizwa na sikio linalotafuta ishara.

Kwa hiyo mahali pa asili pakiandikwa nyuma ya pakiti, sina hofu napo. Sumbawanga, ambayo wenyeji husema maana yake ni tupa uchawi, ni jina ambalo Mswahili mgeni hulisoma kwa kusita, ingawa wanga kwetu ni wachawi na pia ni kile kirutubisho kilichojaa katika ulezi. Kwa Kichina huandikwa Sōngbāwànjiā (松巴万加). Herufi ya kwanza ni msonobari, mti wa maisha marefu, na silabi mbili za mwisho zina sauti ileile ya kaya elfu kumi, yaani nyumba zote. Hakuna aliyelipanga hilo. Ni jedwali la utohozi tu limefanya kazi yake, na kikundi chetu kisilibadilishe hata herufi moja ili lipendeze zaidi, maana jina la mahali kwenye pakiti sharti lifanane na lile lililo katika hati za forodha.

Jaribio la mwisho halihitaji kamusi. Mpigie simu msemaji wa Beijing na mwingine wa Guangzhou, wasioijua bidhaa. Mtamkie kila mmoja jina mara moja tu, kisha umwombe aliandike alivyolisikia. Usimuulize kama ni zuri, maana mtu mwenye adabu atakujibu kuwa ni zuri. Tazama herufi alizoziandika.