Tui Limekatika, na Mama Yuko Kwenye Treni

Kwenye kipindi kilichopita niligusia ile Jumamosi ya mchuzi, na wengi wenu mmeuliza niliuokoaje. Haya, hadithi kamili hii hapa.

Mimi nakaa karibu na Gare du Nord, au Noordstation ukipenda, hapa Brussels. Mama anakaa Liège, na safari ya treni ni kama saa moja hivi. Siku hiyo alikuwa anakuja kula kwangu kwa mara ya kwanza. Maisha yake yote yeye ndiye amenipikia. Kwa hiyo nikataka nimpikie samaki wa nazi na ukwaju, kama anavyopika yeye, kama walivyokuwa wakila kwao Mombasa.

Nilinunua makopo mawili ya tui Rue de Brabant, ile barabara ya maduka nyuma ya stesheni. Nikamimina karibu yote kwenye sufuria, nikatia ukwaju, nikafunika, nikaacha moto mkali, nikaenda kupiga deki. Niliporudi, juu kulikuwa na mafuta ya manjano, chini maji, na katikati chembechembe nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Nikampigia.

"Shikamoo mama. Tui limekatika."

"Marahaba. Ulifunika?"

"Nilifunika."

"Na ukwaju ukatia kunachemka?"

Nikanyamaza. Akacheka. "Zima moto, mwanangu. Mimi ndiyo kwanza nimefika Leuven."

Yaani nilikuwa na dakika kama 20, halafu aje kwa miguu mpaka mlangoni.

Hebu kwanza tuelewe kilichotokea. Tui ni matone madogo sana ya mafuta yanayoelea kwenye maji, na protini za nazi ndizo zinazoyazuia yasishikane. Moto mkali unaziharibu protini hizo, na uchachu wa ukwaju au ndimu unazifanya zigande. Zikishaganda, mafuta yanakimbilia juu. Ndiyo maana mama hukoroga bila kuacha mpaka tui lichemke taratibu, hafuniki, na ukwaju hutia mwishoni moto ukiwa mdogo. Pia niliangalia kopo: lilikuwa nazi na maji tu. Makopo yenye E412 au E466 yana vizitisho vinavyoshikilia tui, kwa hiyo huvumilia zaidi.

Sasa dawa. Nilizima moto, nikatoa vipande vya samaki kwa upawa visije vikavunjika, nikaacha mchuzi upoe dakika 5. Kwa bahati nilikuwa nimebakisha vijiko 4 vya tui zito, ile sehemu nene ya juu ya kopo. Nikaviweka kwenye bakuli, nikawa natia mchuzi uliokatika kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, huku napiga kwa uma. Usimimine wote kwa pamoja! Tui jipya halijakatika, na linahitaji muda wa kuyazunguka mafuta yale yaliyotoroka.

Mafuta yalirudi ndani, lakini chembechembe zilibaki. Hizo haziyeyuki tena, kwa sababu protini iliyoganda imeganda, kama yai lililochemshwa. Unachoweza ni kuzisaga ziwe ndogo mpaka ulimi usizisikie. Nikapitisha blenda ya mkono nusu dakika, basi. Kama huna blenda, chuja. Na kama huna tui la akiba, koroga kijiko kidogo cha wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini, kwenye kijiko kikubwa cha maji baridi. Tia kwenye nusu lita ya mchuzi, uache utokote polepole dakika moja au mbili. Utashikana, ila utakuwa mzito kidogo.

Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, angalia. Ukiona mafuta tu juu, hakuna chembe, mchuzi haujaharibika. Unaweza hata kuuacha hivyo. Ukiona chembe, unahitaji blenda au kichujio.

Njia hiyohiyo inafaa kwa sosi ya holandezi, ile ya siagi na viini vya mayai wanayomiminia asparaga. Ikikatika, chukua kiini kipya na kijiko cha maji ya uvuguvugu, piga, halafu rudisha sosi kidogo kidogo. Lakini viini vikishaiva vikawa mabonge, havirudi kuwa laini.

Nilirudisha samaki, nikapasha kwa moto mdogo bila kuchemsha. Kengele ikalia.

Mama alichovya kidole kabla hata ya kuvua koti. Akaonja, akaniangalia.

"Limekatika hili."

"Lilikatika, mama. Nimeliunga tena."

Akavuta kiti, akaomba wali.