Fahamu: Kulinganisha bidhaa bila kumchafua mpinzani

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), haimzuii mfanyabiashara kutangaza kuwa bidhaa yake inaizidi ya mwenzake. Inachokataza ni madai ya uongo au yanayopotosha. Hata ukweli nusu unaweza kupotosha.

Tuseme duka la Lusahunga, pale malori ya Rusumo yanapoegeshwa, linauza mche wa sabuni wa gramu 800 kwa shilingi 3,000. Jirani anauza wa gramu 1,000 kwa shilingi 3,500. Bango likisema "Yetu nafuu kwa shilingi 500", bei ni za kweli, lakini mnunuzi amepotoshwa: kwa kila gramu 100 analipa shilingi 375, kwa jirani 350.

Tangazo salama lingesema: "Mche wa gramu 800, shilingi 3,000", kisha litaje uzito na bei ya mpinzani pamoja na tarehe, kwani bei hubadilika. Tunza picha za bei na risiti kama ushahidi. "Sabuni yao inababua ngozi" usiiandike bila matokeo ya vipimo.