Cheti cha Ukocha: Ithibati ya Nani, na ya Nini?

Tangazo linaingia kwenye kundi la WhatsApp. Kuwa kocha wa maisha anayetambulika kimataifa, mafunzo ya siku 3, Ijumaa hadi Jumapili, ada shilingi 650,000, cheti unaondoka nacho. Chini zimepangwa nembo nne, moja ina picha ya dunia, na juu yake neno ITHIBATI kwa herufi kubwa. Tangazo hili ni la mfano, lakini mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi atakuwa ameshaona ndugu zake wengi.

Ukimwandikia mwenye tangazo kuuliza, mazungumzo huenda hivi. "Samahani dada, hiyo ithibati mmepewa na nani?" "Ni ya kimataifa kabisa, kaka." "Sawa, ila ni chombo gani?" "Cheti chetu kinakubalika nchi zote." Hapo swali bado halijajibiwa, na halijibiki kirahisi, kwa sababu karibu kila nchi ukocha hauna leseni. Daktari ana baraza linaloweza kumfutia usajili. Kocha hana. Ithibati nyingi za fani hii hutolewa na vyama vya hiari au kampuni binafsi, na hakuna kinachomzuia mwenye chuo kuanzisha "bodi ya kimataifa" asubuhi, kisha bodi hiyo ikakipa chuo chake ithibati jioni. Wapo wanaofanya hivyo, na nembo zao ndizo huwa zinang'aa kuliko zote.

Kwa hiyo kilicho muhimu ni kujua nini kilikaguliwa kabla nembo haijatolewa, na nani alikikagua. Tuchukue chombo kinachotajwa zaidi, ICF, shirikisho la makocha lililoanzishwa Marekani mwaka 1995. Nalo ni chama binafsi na linatoza ada. Tofauti yake ni kwamba masharti yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma, na yana namba.

Shahada yake ya chini kwa kocha inaitwa ACC. Kuipata kunahitaji angalau saa 60 za mafunzo ya ukocha. Baada ya hapo, au sambamba nayo, unatakiwa uwe umewakochi watu halisi kwa saa 100, na kati ya hizo 75 ziwe za kulipwa, hata kama malipo yenyewe ni madogo. Unaweka daftari la wateja na saa zao. Unapitia saa 10 na kocha mzoefu anayekusikiliza ukifanya kazi na kukuambia wapi unakosea, na saa hizo haziruhusiwi kubanwa wiki moja; lazima zisambae kwa miezi mitatu au zaidi. Uwezo wako unapimwa katika kikao halisi cha ukocha, kisha unakalia mtihani. Ngazi inayofuata, PCC, inataka saa 125 za mafunzo na 500 za kukochi. Na shahada haikai milele: kila baada ya miaka 3 inahuishwa.

Sasa rudi kwenye tangazo letu ufanye hesabu. Siku 3, tuseme saa 8 kwa siku bila hata kutoa muda wa chai, ni saa 24. Hazifiki nusu ya mafunzo ya ngazi ya chini. Wateja hakuna, kwa kuwa wanafunzi watakuwa wanakochiana wenyewe kwa wenyewe. Na miezi mitatu ya kusimamiwa haiwezi kuingia kati ya Ijumaa na Jumapili kwa namna yoyote ile. Mafunzo hayo yanaweza kuwa mazuri kama semina, sikatai. Lakini neno "kocha aliyethibitishwa" halijayafikia.

Hata nembo ya ICF ikiwepo kweli kwenye bango, uliza imekuja kwa njia gani. Programu za kufundisha makocha huthibitishwa kwa ngazi, na kwenye orodha ya ICF utaziona zimeandikwa Level 1, Level 2 au Level 3. Kuna pia idhini iitwayo CCE, ambayo ni ya masomo ya kuwaendeleza makocha. Kozi ya siku mbili inaweza kupata idhini hiyo kihalali kabisa, lakini haigeuki kuwa programu kamili ya Level 1. Mbinu nyingine ni kutumia jina la mwalimu. Mwalimu ana PCC yake, ameihangaikia, hongera zake. Shahada hiyo ni yake, haihamii kwenye kozi anayoifundisha. Na kinyume chake pia: ukimaliza programu ya Level 1 una cheti cha chuo, bado hujawa ACC mpaka uombe na ufaulu.

Nembo tatu zilizobaki zinasomeka haraka. Ya kwanza ina herufi CPD, ya kampuni inayopitia kozi na kusema inafaa kwa kujiendeleza kikazi. Kinachotazamwa hapo ni somo, si kama mwanafunzi ameweza kukochi mtu. Ya pili ni namba ya usajili wa BRELA, na hii ndiyo inayowapoteza wengi, maana "tumesajiliwa na serikali" ni kauli nzito masikioni. BRELA husajili kampuni na majina ya biashara, hata duka la nguo limo humo. Kwa chuo cha ufundi Tanzania cha kuuliza ni NACTVET, na Kenya ni TVETA. Ya tatu ni ile yenye picha ya dunia. Fungua tovuti yake utafute mambo matatu: masharti yaliyoandikwa kwa saa, orodha ya wenye vyeti ambayo mgeni anaweza kutafuta jina ndani yake, na mahali pa kumlalamikia kocha aliyevunja maadili. Kisha angalia wakurugenzi. Wakiwa ni walewale wa chuo, umeshapata jibu.

Swali moja linanisaidia kuliko yote: mwaka jana wangapi hawakupewa cheti? Chuo kinachopima kweli kina watu walioambiwa warudie. Chuo ambacho kila aliyelipa alifaulu kinauza cheti, hata walimu wake wawe wapole namna gani.

Tusiikuze ithibati kupita kiasi, hata ile ya kweli. Inakuambia kwamba mtaala, walimu na namna ya kupima vilitazamwa na mtu wa nje. Haikuambii kama kocha fulani atakufaa wewe, wala haimgeuzi kuwa mnasihi wa kutibu sonona. Kocha anayejua mipaka yake humpeleka mtu huyo kwa mtaalamu.

Kwa upande wa ulezi wa kikazi, yaani mkongwe kumshika mkono anayeanza, chombo cha kujua ni EMCC, chenye mizizi Ulaya. Chenyewe hutenganisha mambo waziwazi: EQA ni ya kozi, EIA ni ya mtu, na ISMCP ni ya mpango mzima wa ulezi ndani ya taasisi. Meneja anayetaka kuanzisha mpango kama huo kazini kwake asidhani kuwapeleka wafanyakazi 20 kwenye kozi yenye EQA kunaupa mpango wake ithibati. ISMCP hutazama mambo mengine: walezi na wanaolelewa wanaoanishwaje, nani anafuatilia, na matokeo yanapimwa vipi. Na kama unachotaka ni kukaa na vijana wawili wa karakana yako kila Alhamisi kuwaonyesha kazi, huhitaji cheti cha mtu yeyote. Ile 650,000 wanunulie vifaa.