Mteremko Haurudishi Dakika Zako

Swali ni lilelile, liulizwe Bukoba mjini au Muleba: "Mwalimu, nikipanda kilima kwa kasi ya kilomita 7.5 kwa saa, nikashuka kwa 12, wastani wangu si 9.75?" Hapana. Wanaojipangia muda wa nusu marathoni kwa hesabu hiyo wanafika wamechoka na wamechelewa, halafu wanalaumu mazoezi.

Tuchukue mtu anayepanda kilomita 5 kutoka ufukweni kuelekea Rwamishenye na maeneo ya juu, kisha anarudi njia ileile. Kasi ya 7.5 ni dakika 8 kwa kila kilomita, kwa hiyo kupanda kunamchukua dakika 40. Kasi ya 12 ni dakika 5 kwa kilomita, anashuka kwa dakika 25. Jumla ni dakika 65 kwa kilomita 10, yaani dakika 6 na sekunde 30 kwa kilomita. Kasi yake ni 9.23. Amekimbia polepole kwa dakika 40 na haraka kwa 25 tu. Kasi ndogo lazima ivute wastani upande wake.

Ndiyo maana sikubali kabisa ile imani kwamba mteremko unafidia mlima. Aliyelenga kasi ya 10 akipanda kwa 5, ameshatumia muda wote wa kwenda na kurudi kabla hajageuka. Hata angeshuka kwa pikipiki, wastani huo wa 10 hautimii tena. Msinitajie miguu mirefu wala viatu vipya, muda umekwisha.

Basi wastanisheni dakika kwa kilomita, si kasi, mradi vipande viwe na urefu sawa: 8 na 5 zinatoa 6.5. Visipolingana, jumlisheni muda wote na mgawanye kwa kilomita zote. Kupata kasi, gawanya 60 kwa dakika za kilomita moja. Lakini sekunde 30 ni nusu dakika, kwa hiyo andika 6.5, kamwe si 6.3. Kupata muda wa kumaliza ni rahisi zaidi kwa sekunde: dakika 6.5 ni sekunde 390, na 390 mara kilomita 21.0975 za nusu marathoni ni sekunde 8,228, yaani saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Yule wa 9.75 alijiahidi saa 2 na dakika 10. Hata mtembeaji wa dakika 12 kwa kilomita, ukigawanya 60 kwa 12, anakwenda kilomita 5 kwa saa. Hesabu ni ileile.

Saa ya mkononi ikisoma kilomita 21.3 kwa sababu ulizunguka kona kwa nje, mwendo huohuo unakupeleka saa 2, dakika 18 na sekunde 27. Na haya yote yanashika tu ikiwa njia ya mbio ina vilima kama vya mazoezi yako, na miguu haijalegea baada ya kilomita ya 15.