Vitanzi Visivyogusana katika Kanuni ya Mason

Grafu ya mtiririko wa ishara ni mchoro wa nodi na mishale. Nodi ni kiasi kinachobadilika, kama volti au kasi ya mota, na kila mshale una kizidishi chake. Thamani ya nodi ni jumla ya yote yanayoletwa na mishale inayoingia. Mwaka 1956 Samuel Mason, wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, alichapisha kanuni inayotoa ukuzaji wa mfumo mzima, yaani tokeo likigawanywa kwa ingizo, kwa kuusoma mchoro tu:

```
T = (P1·Δ1 + P2·Δ2 + ...) / Δ
```

Kila P ni zao la vizidishi vya njia moja inayotoka kwenye ingizo hadi kwenye tokeo bila kupita nodi yoyote mara mbili. Kitanzi ni njia inayorudi ilikoanzia, nayo pia isipite nodi nyingine mara mbili. Ili kupata Δ, huanzwa na 1, hutolewa jumla ya vitanzi vyote, kisha hujumlishwa mazao ya kila jozi ya vitanzi visivyogusana. Vikiwapo vitatu ambavyo hakuna kinachomgusa mwenzake, zao lao hutolewa, na alama huendelea kupishana hivyo.

Chukua mfumo wenye nodi tano, ingizo likiwa x1 na tokeo x5:

```
x2 = x1 - 0.5·x3 - 0.25·x5
x3 = 2·x2
x4 = 3·x3 + 1.5·x1 - 0.5·x5
x5 = 4·x4
```

Vitanzi ni vitatu. Cha kwanza kinatoka x2 hadi x3 na kurudi: L1 = 2 × (−0.5) = −1. Cha pili kiko kati ya x4 na x5: L2 = 4 × (−0.5) = −2. Cha tatu ni kirefu, kinapita x2, x3, x4, x5 na kurudi x2: L3 = 2 × 3 × 4 × (−0.25) = −6.

Hapa ndipo wengi hukosea. L1 na L2 vimeunganishwa na mshale kutoka x3 kwenda x4, na jicho huona kama vinashikana. Lakini kugusana maana yake ni kuwa na nodi ya pamoja, si kuunganishwa na mshale. L1 kina x2 na x3, L2 kina x4 na x5, basi havigusani. L3 kinavigusa vyote viwili. Kwa hiyo:

```
Δ = 1 - (-1 - 2 - 6) + (-1)(-2) = 12
```

Zao hilo la L1 na L2 halikuzuka tu. L3 kikiondolewa, sehemu mbili zilizofuatana, kila moja na kitanzi chake, hugawanywa kwa (1 − L1) na kwa (1 − L2). Mabano hayo yakizidishwa, hutoa 1 − L1 − L2 + L1L2.

Njia za mbele ni mbili. Ya kwanza inapita nodi zote: P1 = 1 × 2 × 3 × 4 = 24. Inagusa kila kitanzi, hivyo Δ1 = 1. Ya pili inakatiza kutoka x1 moja kwa moja hadi x4, kisha x5: P2 = 1.5 × 4 = 6. Δ ya njia hukokotolewa kwa vitanzi isivyovigusa tu, na njia hii haigusi L1. Basi Δ2 = 1 − (−1) = 2.

```
T = (24·1 + 6·2) / 12 = 3
```

Aliyesahau zao la L1 na L2 angepata Δ = 10 na jibu 3.6, aliyeacha Δ2 iwe 1 angepata 2.5. Majibu yote mawili yanaonekana ya kawaida kabisa, kwa hiyo kuyatazama tu hakusaidii. Kinachosaidia ni kurudi kwenye milinganyo. Weka x1 = 1 na x5 = 3. Mlinganyo wa mwisho unatoa x4 = 0.75, wa tatu unatoa x3 = 0.25, wa pili x2 = 0.125. Mlinganyo wa kwanza, ambao haujatumika bado, unadai 1 − 0.125 − 0.75, nayo ni 0.125. Hesabu imekubali.

Δ ni mali ya grafu nzima, haibadiliki tokeo likibadilishwa. Tokeo likiwa x3, njia ni mbili: x1, x2, x3 yenye zao 2, ambayo haigusi L2, hivyo Δ yake ni 3, na x1, x4, x5, x2, x3 yenye zao −3, inayogusa vyote. Jibu ni (6 − 3)/12 = 0.25, lile lile la juu.

Kanuni inahitaji mfumo wa mstari, na nodi ya ingizo isiyoingiwa na mshale wowote. Ukuzaji kati ya nodi mbili za ndani hupatikana kwa kugawanya majibu mawili yaliyoanzia kwenye ingizo: x5 kwa x3 ni 3/0.25 = 12. Na Δ ikitokea kuwa sifuri, milinganyo yenyewe haina jibu moja pekee.