Je, Wajua? Maswali ya watahini yamo ndani ya tasnifu yako

Je, wajua kwamba maswali mengi ya utetezi wa tasnifu unaweza kuyaona kabla ya kuingia mbele ya jopo? Yatafute pale ulipofanya uchaguzi: eneo, sampuli, msimu, kipimo.

Tuseme mwanafunzi amepima madini ya floraidi katika visima 12 vya Mwankoko, Singida, mwezi Agosti pekee. Mtahini atauliza: “Kwa nini hukupima wakati wa mvua?”

Jibu dhaifu ni “muda haukutosha.” Jibu lenye mamlaka lina hatua tatu. Kwanza, kubali mpaka: “Matokeo yangu ni ya kiangazi tu.” Pili, toa sababu ya kitaalamu: Singida ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na maji ya mvua yanayopenya ardhini yanaweza kubadilisha kiwango cha floraidi. Kiangazi kilimpa hali isiyo na mchanganyiko huo. Tatu, sema hitimisho linabeba nini: linafaa kulinganisha kisima na kisima, si kutaja wastani wa mwaka.

Swali la pili litahusu kipimo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ilhali Tanzania iliwahi kuruhusu hadi 4. Anayetaja “kiwango salama” bila kusema ni cha nani atabanwa.

Kwa hiyo, pitia sura ya mbinu na uandike “kwa nini?” kando ya kila uamuzi, kisha ujibu kwa sauti.