Je, Ununue Hisa Zinapouzwa kwa Mara ya Kwanza?

Kampuni inapoamua kuingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwanza huwauzia wananchi hisa zake kwa bei moja iliyotangazwa na kwa muda maalumu. Matangazo ya mauzo haya hufika hata vijijini kupitia redio na simu, na mwananchi wa Bugwema huulizwa swali lile lile linaloulizwa Musoma mjini: je, nitoe fedha yangu sasa au nisubiri? Katika makala haya tunaeleza mambo matatu yanayopaswa kupimwa kabla ya kujibu, nayo ni muda ambao fedha itafungwa, kiasi cha hisa utakachopewa, na bei itakavyokuwa baada ya hisa kuanza kuuzwa sokoni.

Muda wa fedha kufungwa

Mwaka 2017 kampuni ya Vodacom Tanzania iliuza kwa umma asilimia 25 ya hisa zake. Sheria ilikuwa imezitaka kampuni za simu kufanya hivyo. Bei ilikuwa shilingi 850 kwa hisa moja, na kiwango cha chini cha kununua kilikuwa hisa 100, yaani shilingi 85,000. Mauzo yalifunguliwa tarehe 9 Machi na yalitarajiwa kufungwa tarehe 19 Aprili. Muda huo ulipokwisha, uliongezwa, na baadaye wawekezaji wa nje nao wakaruhusiwa kununua. Hisa zilianza kuuzwa sokoni tarehe 15 Agosti.

Tuzihesabu tarehe hizo kwa kalenda ya mkulima. Aliyelipa siku ya kwanza alikaa zaidi ya miezi mitano kabla ya kupata nafasi ya kuuza hisa hata moja. Machi ni wakati wa mvua, pamba ikiwa shambani na ikihitaji palizi na dawa. Katikati ya mwaka huja mavuno, na pamoja nayo vibarua wa kulipwa na mahitaji ya watoto wanaokwenda shule. Katika kipindi chote hicho fedha iliyolipiwa hisa haikuweza kumfaa mwenyewe kwa lolote. Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba fedha ya pembejeo, ya ada au ya matibabu isitumike kununulia hisa za mara ya kwanza, hata kama kampuni ni nzuri. Tarehe ya kufungwa kwa mauzo inaweza kusogezwa mbele, na mnunuzi hana uwezo wa kuirudisha nyuma.

Kiasi utakachopewa

Kujaza fomu na kulipa si sawa na kupata hisa zote ulizoomba. Waombaji wakizidi hisa zilizopo, hisa hugawanywa na fedha iliyobaki hurudishwa. Mfano unaojulikana ni wa jirani zetu. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni ya Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Maombi yalizidi hisa mara kadhaa, na wananchi wa kawaida walipata takriban moja ya tano tu ya walichoomba. Wengi walikuwa wamekopa benki ili waombe hisa nyingi.

Hatari ya kukopa huonekana wazi kwa hesabu ndogo. Tuchukue mtu aliyekopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Ameomba hisa za fedha yote, akapewa za shilingi 200,000, na shilingi 800,000 zikarudishwa baada ya miezi miwili. Riba ya miezi hiyo miwili ni shilingi 30,000, nayo hutozwa kwenye mkopo wote, si kwenye sehemu aliyopewa tu. Hivyo hisa za shilingi 200,000 zimemgharimu shilingi 230,000. Bei ya hisa inapaswa kupanda kwa asilimia 15 ndipo arudi alipoanzia, nayo ada ya dalali atakapouza bado haijahesabiwa.

Bei baada ya kuingia sokoni

Bei ya mauzo ya kwanza hupangwa na kampuni pamoja na washauri wake. Siku hisa zinapoingia sokoni, bei huanza kuamuliwa na wanunuzi na wauzaji. Hisa ya Safaricom ilianza juu ya shilingi 5, kisha kabla ya mwaka 2008 kwisha ikashuka chini ya bei hiyo. Miaka kumi baadaye ilikuwa imepita shilingi 20. Aliyenunua kwa mkopo alilazimika kuuza kwa hasara, ilhali aliyenunua kwa akiba yake aliweza kusubiri. Hisa ilikuwa ile ile, lakini matokeo yao yalitofautiana kwa sababu ya chanzo cha fedha.

Hisa ya Vodacom, iliyouzwa shilingi 850, ilikuwa ikiuzwa shilingi 770 mwaka 2022. Aliyenunua hisa 100 kwa shilingi 85,000 alikuwa na hisa za shilingi 77,000. Kwa upande mwingine, hisa ya benki ya NMB iliuzwa kwa umma shilingi 600 mwaka 2008, na kufikia mwaka 2018 ilikuwa imepita shilingi 2,000. Mifano hii inaonyesha kwamba jina linalofahamika na kila mtu halitoshi kuwa sababu ya kununua.

Kinachosaidia ni waraka wa matarajio, ambao kampuni hulazimika kuutoa kabla ya kuuza. Tafuta ndani yake majibu ya maswali mawili. La kwanza: fedha itakwenda wapi? Katika mauzo ya Safaricom, fedha ilikwenda kwa serikali iliyouza sehemu yake, si kwa kampuni. Hilo si kosa, ila usidhani kwamba fedha yako itajenga mitambo mipya iwapo waraka hausemi hivyo. La pili: kampuni imepata faida kiasi gani kwa kila hisa katika miaka iliyopita, na imegawa gawio kiasi gani? Ikiwa faida ni shilingi 20 kwa hisa inayouzwa shilingi 800, unalipa faida ya miaka 40. Jiulize ni kwa nini faida hiyo itakua.

Uamuzi

Kumbuka pia kwamba mauzo ya kwanza si nafasi ya mwisho. Hisa zikishaingia sokoni, yeyote mwenye akaunti ya hisa anaweza kuzinunua kupitia dalali. Wakati mwingine atazipata kwa bei ya chini kuliko ile ya mwanzo. Wakati mwingine atalipa zaidi, lakini atakuwa ameiona bei ya soko.

Kwa hiyo, nunua katika mauzo ya kwanza ikiwa fedha ni akiba yako mwenyewe, haitahitajika kwa miaka kadhaa, na umeridhika na majibu ya waraka. Likikosekana moja kati ya hayo, subiri. Na ukiamua kununua, lipa kupitia benki au dalali aliyetajwa katika waraka na mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kisha uhifadhi stakabadhi. Usitume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata akiwa mtu unayemfahamu kijijini.